Namba ya Gari Izibwe, Namba ya Nyumba Iachwe Nje ya Picha

Dalali anasimama mbele ya geti, anainua simu, anabonyeza mara moja, na kabla hajafika kituoni kupanda daladala picha imekwishaingia kwenye ukurasa wake wa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya watafuta nyumba. "Nyumba inapangishwa Tabata. Vyumba vitatu, kimoja masta. Maji na umeme vipo. Kodi miezi sita." Picha ni nzuri. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya mpigaji na kila kitu kinaonekana waziwazi. Shida ni hiyohiyo. Pembeni mwa geti kumeegeshwa Toyota IST ya rangi ya fedha, mali ya jirani, na namba yake ya njano inasomeka herufi kwa herufi. Kwenye nguzo ya geti kuna kibao cha anwani ya makazi chenye namba ya nyumba na jina la barabara. Jirani mwenye gari hana habari kwamba amepigwa picha.

Picha hii ni ya kutunga, ila hakuna kitu ndani yake ambacho msomaji hajakiona kwenye simu yake. Nitaitumia kama mfano wetu, kwa sababu ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya wanapotaka kuwastahi majirani: namba ya gari na namba ya nyumba. Dalali akikumbushwa, atafungua sehemu ya kuhariri, atapitisha kidole juu ya namba zote mbili mpaka ziingie ukungu, kisha ataituma picha akiwa na amani. Kwa gari, ukungu ule hautoshi. Kwa nyumba, huenda hata kuifuta namba kabisa kusimsaidie mtu yeyote.

Tuanze na gari. IST za rangi ya fedha zimejaa Dar es Salaam, na kinachoitofautisha hii na wenzake ni namba peke yake. Ukiiondoa, gari linarudi kuwa IST kama IST nyingine. Ukiiacha, gari linakuwa la mtu fulani. Mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani humwezesha mtu kuandika namba ya gari na kuona deni lake, na pamoja na deni huonekana kosa na mahali lilipotendeka. Mfumo wa kuhakiki bima nao hujibu ukiupa namba ya gari. Nchini Kenya mtu anayetaka kununua gari hulipia ada ndogo mtandaoni, anaandika namba, na anapata kumbukumbu inayomtaja mwenye gari. Mifumo hii imewekwa kwa nia njema na inawaokoa wengi na utapeli, lakini haimuulizi anayeandika namba kama gari ni lake au la.

Kuna wizi mwingine ambao hauhitaji mfumo wowote. Mtu mwenye IST ya fedha ya magendo anatafuta namba halali ya IST nyingine ya fedha aitengenezee kibao bandia, ili faini na lawama ziende kwa mwenzake. Picha ya dalali imempa kila anachohitaji: aina ya gari, rangi, namba, na hata mtaa linakolala.

Ukungu unafanya nini hasa

Picha ya simu imeundwa kwa nukta ndogondogo za rangi, pikseli. Simu nyingi za leo hupiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi. Gari likiwa mita sita kutoka kwa mpigaji, kibao chake chenye urefu wa nusu mita kitachukua pikseli 250 hadi 300 kwa upana, na kila herufi itapata kama 30. WhatsApp ikiipunguza picha wakati wa kuituma, herufi inaweza kubaki na pikseli 12 hivi, na bado inasomeka bila taabu.

Kutia ukungu ni hesabu. Programu inachukua kila pikseli, inaangalia zile zinazoizunguka, inatafuta wastani wa rangi zao, na kuuweka wastani huo mahali pa rangi ya awali. Weusi wa herufi unavuja kwenye njano, na njano inaingia kwenye weusi. Jicho linaona utusitusi na kuamini kwamba namba imeondoka. Kumbe sehemu kubwa ya habari haikutupwa, imesambazwa tu. Tarakimu 1 ina wino mdogo, kwa hiyo mahali pake panabaki na njano angavu hata baada ya ukungu. Tarakimu 8 ina wino mwingi, kwa hiyo mahali pake panabaki na giza. Herufi F ni nzito juu, L ni nzito chini, na ukungu hafifu hauufuti uzito huo.

Wengi hujitetea kwamba ukungu haurudishwi nyuma, kwa hiyo namba iko salama. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli, lakini anayeitafuta namba hana haja ya kurudisha chochote nyuma. Yeye anakwenda mbele. Anachora namba anayoikisia kwa mwandiko uleule wa vibao, anaitia ukungu uleule, kisha anaulinganisha utusitusi wake na ule uliopo kwenye picha. Ukifanana, amepata. Usipofanana, anajaribu namba inayofuata.

Na namba za magari ndizo maandishi mepesi kuliko yote kwa mchezo huo, kwa sababu zimeundwa ili zifanane. Gari la binafsi Tanzania Bara lina kibao cha njano chenye maandishi meusi: herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Herufi hutolewa kwa mfuatano, hivyo mtu anayejua magari anaweza kuikisia herufi ya kwanza kwa kujua tu gari lilisajiliwa lini. Tuseme amekisia D. Zimebaki nafasi tano: tarakimu tatu na herufi mbili. Hata kama ukungu haukumwachia dokezo lolote, namba za kujaribu hazifiki laki saba, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitia zote mwenye nayo akiwa amelala. Lakini ukungu wa kidole kwenye simu huacha madokezo. Ikiwa kila nafasi imebakiwa na alama tatu tu zinazowezekana, kwa mfano 3, 8 au 9, basi tatu tano zikizidishwa pamoja zinatoa namba 243. Hizo mtu anaweza kuzikagua kwa macho yake mwenyewe, huku akijua kwamba anatafuta IST ya fedha na si lori.

Mambo haya yamejaribiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba maandishi yaliyofichwa kwa ukungu au kwa miraba yanaweza kusomwa tena kwa hesabu za uwezekano. Mwaka huohuo watafiti wengine nchini Marekani waliifundisha kompyuta kutambua sura na tarakimu zilizofunikwa kwa njia hizo. Mwaka 2022 mtaalamu wa usalama Dan Petro alitoa hadharani programu iitwayo Unredacter, inayosoma maandishi yaliyowekwa miraba kwa njia ileile niliyoieleza: kukisia, kuficha, kulinganisha.

Majaribio kama la Petro yanafanikiwa zaidi kwenye maandishi safi ya skrini kuliko kwenye kibao chenye vumbi kilichopigwa picha kwa pembeni. Ukungu mzito nao unafanya kazi. Duara la wastani likiwa pana kuliko herufi yenyewe, yaani zaidi ya pikseli 30 kwenye picha yetu, herufi zinachanganyikana na majirani zao na kinachobaki ni doa. Miraba ikiwa mikubwa kiasi kwamba kibao kizima kinatoshea minne au mitano, hakuna cha kulinganisha. Ubaya ni kwamba brashi ya simu haikwambii imetumia pikseli ngapi. Unaangalia kwa jicho, na jicho ndilo linalodanganyika.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama umedanganyika. Ipunguze picha iwe ndogo kama kidole gumba, au iweke simu mezani na urudi nyuma hatua mbili, kisha ukodoe. Miraba na utusitusi hutusumbua tukiangalia kwa karibu kwa sababu tunaona kingo zake. Tukienda mbali, kingo zinapotea na umbo la herufi linajitokeza. Ukiweza kukisia hata tarakimu moja kwa njia hiyo, ukungu wako umeshindwa. Video ina hatari zaidi: gari likisogea kidogo, kila fremu inatoa utusitusi tofauti wa namba ileile, na anayezikusanya fremu hizo anapata habari ambayo picha moja isingempa.

Kuziba na kufuta

Njia ya pili ni kuiondoa namba yenyewe, na hapa watu huita jina moja vitu viwili tofauti. Kuziba ni kuweka mstatili wa rangi moja juu ya kibao. Kufuta ni kuiambia programu iondoe maandishi na ijaze mahali pake kwa kuiga yanayozunguka, kama zinavyofanya "Healing" ya Snapseed au "Magic Eraser" ya Google Photos. Katika njia zote mbili rangi mpya haikutokana na namba, na hapo ndipo zinapoushinda ukungu. Mstatili uliokolea juu ya namba moja ni sawasawa na mstatili juu ya namba nyingine yoyote. Hakuna cha kulinganisha.

Kwa gari mimi nachagua kuziba. Gari lililofutwa namba linaonekana kama gari lisilo na namba, na mtaani gari lisilo na namba hutiliwa shaka. Picha ile ikishatumwa na kutumwa tena, anayeipokea hatajua kwamba kibao kilikuwepo. Isitoshe, kufuta huacha makosa ya ajabu: bampa lililojirudia mara mbili, vipande vya tarakimu visivyokamilika, au namba iliyofutwa kwenye gari lakini bado inaonekana kwenye dimbwi la maji chini yake. Mstatili una adabu zaidi. Unasema wazi kwamba hapa kuna kitu, na nimekificha kwa makusudi.

Hata hivyo mstatili nao una mitego miwili ninayoiona ikiwanasa watu werevu. Wa kwanza ni kalamu. Kwenye simu, kalamu ya kukoleza maandishi, ile ya kupigia mstari wa rangi, inapitisha mwanga. Ukiipitisha mara nyingi kwa rangi nyeusi, kibao kinaonekana cheusi tii, lakini chini yake tofauti ndogo za weusi bado zipo. Mtu akiifungua picha, akapandisha mwangaza hadi mwisho, namba inaibuka. Kipimo chake ni kufanya hivyohivyo wewe mwenyewe kabla ya kutuma: fungua picha iliyokamilika, pandisha mwangaza mpaka juu, uone kama mstatili unabaki rangi moja. Tumia umbo la mstatili lililojazwa rangi, au kalamu ya kawaida yenye rangi iliyokolea, na usitegemee kalamu ya kukoleza.

Mtego wa pili ni faili. Mwezi Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro waliyoipa jina aCropalypse. Kihariri cha picha kwenye simu za Google Pixel, mtu anapokata picha ya skrini, kilikuwa kinaihifadhi picha ndogo juu ya ile kubwa bila kuufuta mkia wa faili la zamani. Aliyekata akatuma aliamini sehemu aliyoikata imeondoka, kumbe ilikuwa imebebwa ndani ya faili na ingeweza kurudishwa kwa sehemu. Muda mfupi baadaye kasoro ya aina hiyo ilionekana kwenye Snipping Tool ya Windows 11. Zote zimerekebishwa, lakini marekebisho hayakuzigusa picha zilizokwisha kutumwa miaka ya nyuma. Hata leo, ukiikata picha ndani ya programu ya Word na kumtumia mtu waraka huo, sehemu uliyoikata inaweza kuwa bado imo mpaka uamuru ifutwe. Madalali wanaotengeneza vipeperushi vya nyumba wanapaswa kulijua hili.

Dawa ya mitego ya faili ni rahisi. Ukishaziba, ifungue picha iliyokamilika ijaze skrini, piga picha ya skrini, na hiyo ndiyo uitume bila kuikata tena. Picha ya skrini inabeba kile kinachoonekana na si kile kilichoko chini yake. Inaachana pia na maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili, yakiwemo mahali picha ilipopigwa kwa GPS. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo unapotuma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama faili, yanakwenda yote.

Nyumba haifanani na gari

Tumerudi kwenye geti. Dalali amejifunza, na sasa anataka kuziba kibao cha anwani kwa mstatili kama alivyoziba cha gari. Hapa ningemwambia angoje kwanza.

Gari linajulikana kwa namba yake tu. Nyumba inajulikana kwa sura yake. Geti la bluu lenye maua ya chuma, simtanki juu ya mnara wa zege, mwembe uliopita ukuta, nguzo ya umeme iliyoinama, bango la duka la dawa upande wa pili: mtu anayeishi mtaa huo anaitambua nyumba bila kusoma namba hata kidogo. Namba ni kwa mgeni. Na mgeni naye siku hizi amesaidiwa. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi nchini zimepewa namba na barabara zimepewa majina, na anwani zimeingizwa kwenye mfumo wa NaPA ili mtu aweze kuelekezwa hadi mlangoni. Ni jambo zuri kwa gari la wagonjwa na kwa mzigo ulioagizwa. Kwa picha ya mtandaoni, maana yake ni kwamba maneno machache kwenye kibao kimoja yanatosha kumleta mtu asiyejua mtaa.

Wajerumani waliijua mapema tofauti hii. Mwaka 2010 Google ilipokuwa ikitayarisha picha za mitaa za Street View kwa miji 20 ya Ujerumani, iliwapa wakazi nafasi ya kuomba nyumba zao zitiwe ukungu. Kaya 244,237 ziliomba, chini kidogo ya tatu katika kila mia, na ukungu uliwekwa kwenye nyumba nzima. Picha zilipotoka, mtaa ulionekana wote sawasawa isipokuwa nyumba moja iliyogeuka doa la kijivu katikati ya majirani wake. Doa hilo likawa ndilo linaloonekana kwanza. Katika mji wa Essen watu walizirushia mayai nyumba za walioomba kufichwa na kubandika kwenye masanduku yao ya barua vikaratasi vya kuisifu Google. Wenye nyumba walikuwa wametaka wasionekane, na alama ya kutoonekana ikawatangaza.

Ukungu au mstatili kwenye kibao cha nyumba una kasoro hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Unamwambia mtazamaji hapa pana anwani, na huku unamwachia geti, mti na bango. Ndiyo maana kwa nyumba naona ni heri namba isiingie kwenye picha tangu mwanzo. Dalali angesogea hatua tano ndani ya geti na kupiga picha ya ukumbi, jiko, ua na mlango wa mbele kwa karibu. Mpangaji anataka kuona vyumba. Barabara ataoneshwa siku ya kwenda kuiona nyumba. Kama picha ya nje lazima itumwe, aikate ili nguzo ya geti na nyumba ya jirani vibaki nje. Kama haikatiki, hapo ndipo kufuta kunapofaa kuliko kuziba, kwa sababu ukuta usio na namba haumdanganyi mtu kuhusu jambo lolote la maana, na hauvuti jicho. Lakini afute akijua mipaka yake: amemzuia mgeni, hajamzuia jirani.

Kisheria pia dalali hasimami peke yake na simu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu anwani ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa binafsi, na kuna Tume inayopokea malalamiko. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Sijasema kwamba kila picha ya geti ni kesi. Nasema kwamba mtu anayetangaza nyumba kama biashara ana wajibu mzito kidogo kuliko mtoto anayepiga picha za sikukuu.

Namba zilizobaki kwenye vioo

Turudi kwenye IST, maana kazi haijaisha. Kibao kimezibwa kwa mstatili wa kijivu, mwangaza umepandishwa na hakuna kilichoibuka. Sasa ikuze picha na uitembeze polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye kona ya chini ya kioo cha mlango wa mbele kuna maandishi meupe madogo. Ni namba ya gari, imechorwa kwenye kioo ili mwizi wa vioo asivione vina soko. Iko pia kwenye kioo cha mlango wa nyuma, na kwenye kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma. Madereva wengi huku kwetu huandikisha namba kwenye vioo vyote. Nimekwisha kuona picha nyingi za magari yanayouzwa ambazo kibao kimefichwa kwa ustadi na namba ileile inasomeka kwenye kioo, sentimita chache kutoka kwenye doa la ukungu. Kwenye malori na magari ya biashara utaikuta pia ubavuni, karibu na jina la mmiliki na sanduku lake la posta.

Mashine haitakufanyia ukaguzi huu wote. Google yenyewe, katika maelezo ya kitaalamu iliyoyatoa mwaka 2009 kuhusu Street View, ilisema mfumo wake uliweza kutia ukungu wa kutosha kwenye namba za magari 94 hadi 96 katika kila 100, na huo ulikuwa mfumo uliotengenezwa na wataalamu kwa kazi hiyo moja. Kwenye picha moja ya dalali, namba moja iliyosahaulika ni kushindwa kamili. Kwa hiyo macho ndiyo yanayomaliza: vioo, ubavu, kivuli, dimbwi, na mita ya LUKU ukutani ikiwa imo kwenye picha, kwa sababu nayo ina namba yake.

Kuna wakati namba haitakiwi kufichwa kabisa. Gari limegonga mtoto wa jirani na kukimbia, na mtu mmoja amewahi kulipiga picha. Hapo grupu la mtaa huwaka moto: "Jamani majirani, sambazeni hii namba!" Ninaelewa hasira hiyo. Lakini namba iliyosomwa vibaya kwa herufi moja ni gari la mtu mwingine, na kibao bandia ni cha mtu mwingine pia, na mtu huyo mwingine ndiye atakayesimamishwa na vijana njiani jioni hiyo. Kwenye grupu itumwe nakala iliyozibwa, na maelezo ya gari, saa na mahali, ili mwenye taarifa ajitokeze. Picha ya awali isihaririwe hata kidogo, isizibwe, isikatwe wala kuongezwa mwangaza, maana ikishaguswa mtu anaweza kuuliza ni nini kingine kilichoguswa. Ipelekwe kituo cha polisi, na kwa mwenyekiti wa mtaa ikibidi, na hapa itumwe kama faili na si kama picha ya kawaida, ili tarehe, saa na mahali vilivyoandikwa na kamera vifike vikiwa kamili.